Usiku wa Ijumaa ni usiku gani? Kuandika upya ripoti ya tukio kwa sehemu tano



Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana wetu wa kujitolea wa Kericho na Bomet. Wengi mliniomba niyaweke hapa, kwa sababu siku ile mvua ilipiga mabati mpaka waliokaa nyuma hawakusikia kitu. Nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2025 nililetewa ujumbe kuhusu kijana aliyepigwa kwenye mashamba ya chai. Niliandika ripoti kwa dakika kumi, nikaituma, na ripoti hiyo karibu imgeuze kijana huyo kuwa mwizi na mama yake kuwa mwongo. Tarehe na alama nyingine nimezibadilisha ili watu wasitambulike, lakini makosa ni yale yale. Ujumbe wenyewe ulikuja kwa sauti kwenye WhatsApp, nikauandika neno kwa neno:

"Salaam ndugu. Kuna kijana wetu amepigwa na askari usiku wa Ijumaa kama saa moja hivi, huko kwa majani, njia ya Bomet. Alikuwa ametoka kuokota kuni na ndugu yake, wakashikwa, wakapigwa vibaya sana, mbwa wakaachiliwa, akaumwa mguu. Simu yake ikachukuliwa. Alimwambia asirudi tena hapo ama atamuua. Wamempeleka hospitali na wameripoti. Hawa askari wana chuki na sisi, mwezi uliopita walimpiga mwingine. Tafadhali tusaidieni haki ipatikane."

Na hii ndiyo ripoti niliyoituma:

"Ijumaa tarehe 13 Juni 2025, saa 01:00 usiku, kijana Mwislamu alishambuliwa na polisi katika mashamba ya chai ya Bomet. Alipigwa vibaya na sasa anaumwa mguu. Tukio limeripotiwa na tunafuatilia."

Inasomeka vizuri, sivyo? Sentensi tatu, na ndani yake siku si sahihi, saa si sahihi, polisi hawakuwepo, Bomet si mahali pake, na mbwa amepotea kabisa. Ujumbe wa mama mmoja mwenye uchungu ulikuwa na ukweli mwingi kuliko ripoti yangu iliyonyooka. Siku chache baadaye kampuni ya ulinzi ikajibu kwamba daftari la walinzi la usiku huo halina tukio lolote, na kwamba anayeingia shambani saa saba za usiku haendi kuokota kuni. Polisi nao wakauliza swali moja tu: mbona taarifa iliandikwa kituoni Ijumaa asubuhi, na ripoti yenu inasema kijana alipigwa Ijumaa usiku? Alikuja kuripoti kabla ya kupigwa?

Ikabidi tuiandike upya, safari hii kwa fomu yenye sehemu tano: wakati, mahali, wahusika, hatua zilizochukuliwa, ufuatiliaji. Kazi hiyo ilikuwa hivi. Unachukua sentensi moja ya ujumbe wa kwanza, unauliza inaingia sehemu gani, na ikikataa kuingia unajua kuna swali hukuuliza. Ujumbe wa asili haufutwi. Ile sauti tumeihifadhi mpaka leo, na nakala yake iko kwa mtu wa pili.

Wacha tuingie kwenye wakati, kwa sababu hapo ndipo nilipoumia zaidi.

"Usiku wa Ijumaa." Hebu jiulize wewe, huo ni usiku gani? Mwenzako wa shuleni atakwambia ni Ijumaa jua likishazama, kuelekea Jumamosi. Lakini yule mama ni mtu wa kuhesabu siku tangu Magharibi, kama walivyo wazee wetu wengi. Kwake usiku hutangulia mchana wake, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni Alhamisi jioni baada ya kuzama jua, usiku wa kuamkia Ijumaa. Mama hakukosea. Mimi ndiye niliyesikia maneno ya Kiislamu kwa sikio la kalenda ya ukutani.

Njia ya kutatua hilo si kumuuliza mtu "una hakika?" Kila mtu ana hakika. Uliza kitu kilichofuata. Mimi nilimuuliza mama: "Kesho yake asubuhi ilikuwa siku gani? Swala ya Ijumaa iliwakuta wapi?" Akajibu bila kufikiri: "Iliwakuta hospitalini, baba yake hakuwahi msikiti." Basi. Tukio lilikuwa Alhamisi tarehe 12, na taarifa ya polisi ya Ijumaa asubuhi ikakaa mahali pake.

Halafu "saa moja hivi." Sisi tuna saa mbili. Kuna saa ya Kiswahili na kuna saa ya simu, na zinapishana kwa saa sita. Mama alisema saa moja jioni, yaani 19:00, giza linapoingia. Mimi nikaandika moja kama nilivyoisikia, nikaiweka kwenye saa ya simu, ikawa 01:00. Kwa hesabu ni kosa dogo. Kwa kijana ni tofauti kati ya mtu anayerudi nyumbani na mzigo wa kuni na mtu aliye ndani ya shamba la wenyewe usiku wa manane. Tangu siku hiyo tunaandika zote mbili kila wakati: 19:00, saa moja jioni. Anayesoma akiona hazilingani, atauliza.

Lakini hata 19:00 ilikuwa kisio. "Hivi" ya mama ilikuwa na upana gani? Hapa tuna bahati ya kuishi karibu na ikweta. Kericho jua huzama kati ya 18:25 na 19:00 hivi, mwaka mzima, na mwezi Juni ni kama 18:40. Mtu akikwambia "adhana ya Magharibi ilitukuta tukifunga kuni," amekupa saa karibu sawa na ya ukutani. Jirani asiye Mwislamu muulize kuhusu taarifa ya habari ya saa moja kwenye televisheni, au lori la kubeba majani lilikuwa limepita au bado. Usimuulize kuhusu mvua. Kericho mvua ya alasiri si alama ya siku yoyote.

Upande wa pili wa upana huo ulikuwa ndani ya simu ya mama. Yule kijana mwingine, ambaye simu yake haikuchukuliwa, alimpigia mara tu walipofika barabarani. Orodha ya simu zilizoingia ilionyesha 19:22. Tukapiga picha ya skrini. Kwa hiyo tukio lilikuwa baada ya adhana na kabla ya 19:22, na hivyo ndivyo tulivyoandika: kati ya 18:45 na 19:22. Usione aibu kuandika "kati ya". Saa kamili ambayo huna ushahidi wake ndiyo ya kwanza kuvunjwa.

Sehemu ya wakati ina mistari mingine miwili ambayo watu huisahau: sisi tuliambiwa lini, na ripoti imeandikwa lini. Tuliambiwa Jumamosi tarehe 14. Mtu akisimulia baada ya siku mbili si sawa na akisimulia baada ya miezi miwili, na anayesoma ana haki ya kujua. Na tukio likiwa la kukamatwa, saa ya kukamatwa iandikwe mbali na saa ya kufikishwa kituoni, kwa sababu Ibara ya 49 ya Katiba inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 tangu kukamatwa, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa saa hizo zinaishia nje ya saa za kazi za mahakama. Ukiandika saa ya kuingizwa kwenye kitabu cha kituo peke yake, umezifuta saa alizozungushwa ndani ya gari.

Mahali nitapita haraka kidogo. "Huko kwa majani, njia ya Bomet." Ndugu yangu, kutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet mpaka Sotik ni majani kulia na majani kushoto, na Litein na Kapkatet bado ni kaunti ya Kericho. Mtu akisema njia ya Bomet anakwambia gari linaelekea wapi. Hakwambii yuko kaunti gani. Mimi niliandika Bomet, na ripoti yangu ikaenda kwa watu wasiohusika. Siku hizi tunashuka ngazi kwa ngazi: kaunti, kaunti ndogo, lokesheni, sablokesheni, na jina la chifu wa hapo ukiweza. Kisha ndani ya shamba: divisheni gani, na namba ya kipande cha chai kama iko kwenye kibao. Wachumaji wanazijua namba hizo, maana ndizo wanazopangiwa kazi.

Tulikosea pia kwa pini. Kijana wetu wa kujitolea alituma pini ya ramani akiwa ameketi mjini Kericho, na ramani ikaonyesha tukio limetokea kwenye duka la chapati. Pini huonyesha simu ilipo. Tulirudi mchana, na yule kijana mwingine akatuonyesha mahali penyewe, tukahesabu hatua kutoka kwenye njia panda. Ilikuwa ni kwenye barabara ya vumbi, hatua 60 kutoka ukingo wa msitu wa mikaratusi, ile miti ambayo mashamba hupanda kwa ajili ya kuni za kiwandani. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Walikuwa wameokota kuni ndani ya msitu wa wenyewe, hilo hatukulificha, lakini walipigwa wakiwa tayari barabarani wanaondoka. Yote mawili yameandikwa. Ukiacha la kwanza ili mtu wako aonekane msafi, upande wa pili utalileta wao, na utaonekana ulilificha.

Sasa wahusika. Fomu haina sehemu inayoitwa "nini kilitokea," na mwanzo wengi hulalamika: maelezo niyaweke wapi? Sisi tunayaweka hapa, chini ya wahusika, kwa sharti moja: kila sentensi ianze na aliyetenda. Na lugha yetu tamu hii ina njia nyingi za kumficha aliyetenda.

"Askari." Neno moja, watu wengi. Polisi ni askari, askari wa kaunti ni askari, mlinzi wa geti ni askari, soja wa shamba ni askari. Mimi nilisikia askari nikaandika polisi. Mlango wa malalamiko unategemea neno hilo. IPOA, ile mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, inashughulikia maafisa wa polisi. Mlinzi wa kampuni akimpiga mtu, hilo ni kosa la jinai kama la raia mwingine yeyote, na mlango wake ni kituo cha polisi. Ukimpeleka mlinzi IPOA unapoteza wiki, kisha unaambiwa si kazi yao. Kwa hiyo usimuulize shahidi "walikuwa polisi?" kwa sababu atasema ndiyo. Muulize walivaa nini, walibeba nini, walikuja na nini. Tukajibiwa: sweta za kijani, gambuti, rungu, tochi, mbwa wawili, walikuja kwa miguu. Tukaandika hivyo hivyo, kisha "wanaodaiwa kuwa walinzi wa shamba." Kama walikuwa wameajiriwa na shamba lenyewe au na kampuni ya ulinzi iliyopewa kandarasi, tuliweka kama swali mpaka jibu lilipokuja.

"Wakashikwa, wakapigwa." Nani? Wangapi? Wote wawili? Hiyo "-wa" mwishoni mwa kitendo imemla mtendaji. Tulipoizungusha, ikatoka: wanaume walikuwa watatu, mmoja alimpiga kijana kwa rungu mgongoni na kwenye mkono wa kushoto, mwingine alimshika yule mdogo lakini hakumpiga. Kumbe "wakapigwa" ilikuwa mmoja tu.

"Alimwambia asirudi, atamuua." Ukisoma hivyo, hata hujui nani alimwambia nani. Ndiyo maana tunatumia alama. M1 ni mwathiriwa. S1 ni shahidi. D1, D2, D3 ni wanaodaiwa. Sentensi ikawa: D2 alimwambia M1, "Ukirudi hapa nitakuua." Maneno ya vitisho yaandikwe kama yalivyosemwa, kwa lugha iliyosemwa, kisha tafsiri chini yake. Hapa yalikuwa ya Kiswahili. Yangekuwa ya Kikipsigis tungeyaandika kwa Kikipsigis kwanza. Alama hizi zina kazi ya pili: jina la shahidi halisafiri na ripoti. Orodha ya alama na majina iko kwenye daftari moja linalokaa kwa mtu mmoja, na haitumwi kwenye grupu lolote, hata grupu letu.

"Ndugu yake." Alikuwa mtoto wa mama mdogo, umri miaka 15. Kwetu ni ndugu, sawa, lakini kwa fomu inabidi uandike uhusiano wenyewe. Umri pia andika kwa miaka, usiandike "yuko fomu tatu." Huyu akiwa chini ya miaka 18, ridhaa ya kutumia maelezo yake tuliichukua kwa mzazi, na yeye mwenyewe tukamuuliza pia. Ridhaa hiyo nayo ina tarehe.

"Akaumwa mguu." Hapa naona haya hata kusema. Mama alimaanisha aling'atwa na mbwa. Mimi nikaelewa mguu unamuuma, nikaandika "anaumwa mguu," na mbwa akatoka kwenye ripoti. Jeraha la mbwa lina hatari ya kichaa cha mbwa. Huoshwa mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na chanjo hupigwa kwa siku zilizopangwa. Alhamdulillahi, kwa mguu wa kijana haikuleta madhara, kwa sababu hospitali walimuona wao wenyewe. Lakini kama mtu angetegemea karatasi yangu, asingemuuliza kuhusu chanjo. Tangu hapo: kung'atwa ni kung'atwa.

Na "mbwa wakaachiliwa"? M1 hakuona. Alikuwa ameinama, alisikia meno tu. S1 ndiye aliyemuona D3 akifungua mnyororo wa mbwa mmoja. Kwa hiyo kila mstari una neno dogo mwishoni: ameona, amesikia, ameambiwa, au anadhani. Hayo manne yanatosha. Mama mwenyewe hakuona chochote, yeye ameambiwa, na hilo halimpunguzii heshima.

Ikabaki ile sentensi ngumu: "Hawa askari wana chuki na sisi." Vijana wangu waliniambia hiyo ndiyo habari yenyewe, niiweke juu. Nikawauliza M1 na S1, kila mmoja peke yake: wakati mnapigwa, kuna neno lolote lililosemwa kuhusu dini yenu, mavazi yenu, majina yenu? Wote wakasema hapana. Waliitwa wezi wa kuni, basi. Kungekuwa na neno, lingeandikwa kama lilivyotamkwa, na nani alilitamka. Halikuwepo, kwa hiyo neno "Mwislamu" lililokuwa mstari wa kwanza wa ripoti yangu likaondoka. Dai la mama halikufutwa, liko kwenye sauti yake, na kwenye fomu limeandikwa mstari mmoja: mama anaamini, anadhani. Watu walinikasirikia. Na yule "mwingine" wa mwezi uliopita? Huyo ana wakati wake, mahali pake na wahusika wake. Ni fomu nyingine. Ukiwachanganya, kosa la kisa kimoja linaangusha vyote viwili.

Hatua zilizochukuliwa ni vitu vilivyokwisha kufanyika tu. "Wameripoti" haikutosha. Wameripoti kwa nani? Ikatoka kwamba Alhamisi usiku baba alimwendea mzee wa nyumba kumi, ambaye alimpigia chifu, na Ijumaa asubuhi ndipo walipofika kituoni. Zote ni hatua, lakini ni kituo peke yake kilichotoa namba ya OB. Namba hiyo kwa kawaida ina namba ya mfululizo ya siku, kisha tarehe, kwa hiyo inakukagua: ukiona tarehe ya OB imetangulia tarehe ya tukio lako, kama ilivyonitokea, simama hapo hapo. Andika pia kituo gani, kwa maana namba bila kituo haipatikani. Fomu ya P3 nayo andika imefika hatua gani, kwa sababu hutolewa na polisi, hujazwa na daktari, kisha hurudi polisi, na "tumepata P3" inaweza kumaanisha yoyote kati ya hayo. Ya kwetu ilikuwa imetolewa lakini imekaa kwenye mfuko wa baba, haijajazwa. Ripoti ya kwanza isingeweza kuonyesha hilo kamwe.

Ufuatiliaji ni vitu ambavyo bado. Kila mstari una mtu mmoja, kitendo kimoja, tarehe moja. "Tunafuatilia" haina hata kimoja kati ya hivyo. Usiandike "timu." Timu haipigi simu.

Hii ndiyo fomu ilivyokuwa baada ya kuandikwa upya, nikiwa nimeacha majina ya mahali:

WAKATI. Tukio: Alhamisi 12 Juni 2025, kati ya 18:45 na 19:22, saa moja kasoro robo hadi saa moja na dakika 22 jioni. Msingi: adhana ya Magharibi, S1 amesikia, simu kwa mama, picha ya skrini ipo. Tuliambiwa: Jumamosi 14 Juni. Imeandikwa upya: Jumatatu 23 Juni, badala ya ripoti ya 14 Juni yenye makosa ya siku, saa, mahali na wahusika.

MAHALI. Kaunti ya Kericho, barabara ya vumbi ndani ya shamba la chai, hatua 60 kutoka ukingo wa msitu wa mikaratusi. Tulifika na S1 Ijumaa 20 Juni mchana. Kuni ziliokotwa ndani ya msitu, S1 na M1 wamesema.

WAHUSIKA. M1, mvulana, miaka 19. S1, mvulana, miaka 15, binamu wa M1. D1, D2, D3, wanaume, sweta za kijani, gambuti, mbwa wawili, wanaodaiwa kuwa walinzi. D1 alimpiga M1 kwa rungu mgongoni na mkono wa kushoto, S1 ameona. D2 alimshika S1, hakumpiga, S1 mwenyewe amesema. D3 alimfungua mbwa mmoja, S1 ameona. Mbwa alimng'ata M1 mguu wa kulia. D1 alichukua simu ya M1, wote wawili wameona. D2 alimwambia M1, "Ukirudi hapa nitakuua," wote wawili wamesikia.

HATUA ZILIZOCHUKULIWA. 12 Juni usiku: baba alimjulisha mzee wa nyumba kumi. 13 Juni, 09:40: taarifa kituoni, namba ya OB ipo. 13 Juni mchana: hospitali, jeraha limesafishwa, chanjo ya kwanza, kadi imepigwa picha. P3 imetolewa, haijajazwa.

UFUATILIAJI. Baba: kupeleka P3 kwa daktari, kabla ya 25 Juni. Mama: chanjo zilizobaki, kwa tarehe za kwenye kadi. Mimi: barua ya marekebisho kwa kampuni na kituo, 24 Juni. Dada mmoja wa kujitolea: kuuliza jina la afisa aliyepewa faili, 27 Juni.

Mmeona mstari ule unaosema "badala ya ripoti ya 14 Juni"? Hatukuiba ile ya kwanza mezani na kujifanya haikuwepo. Kwenye barua nilitaja makosa yangu moja baada ya jingine. Iliniuma, lakini mtu ambaye tayari ana karatasi yako ya kwanza mkononi akiona ya pili imebadilika bila maelezo, atasema umefundisha mashahidi.

Kitu ambacho fomu haikufanya: haikuthibitisha kwamba mambo yalitokea. Si kiapo, si ushahidi wa mahakamani. S1 akiitwa, atasimama mwenyewe aseme. Na kuna vitu ambavyo fomu haivibebi, kama sauti ya yule mama ilivyokatika akifika kwenye neno mbwa. Ndiyo sababu ile sauti haifutwi, na haichapishwi pia. Habari za matibabu ya mtu zinalindwa na sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, kwa hiyo picha ya mguu wa kijana haiendi kwenye ukurasa huu hata mkiniuliza mara kumi.

Jibu la pili la kampuni lilikuja mwezi Julai. Safari hii walifungua daftari la Alhamisi, na wakaandika kwamba kuna maandishi ya 18:55: "wezi wa kuni wawili wamefukuzwa." Hayasemi rungu, hayasemi mbwa. Lakini sasa wanakubali kwamba walinzi wao walikuwepo, usiku ule, saa ile. P3 imejazwa na kurudishwa kituoni, chanjo zimekamilika. Simu ya kijana haijarudi. Mstari wake bado uko wazi kwenye ufuatiliaji, jina langu liko mbele yake, na tarehe nimeshaibadilisha mara tatu.